Umeshapeana barua ya kuacha kazi, halafu bosi anakuongezea pesa

Tangu niseme nilihama kazi, wasee wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa njia tofauti tofauti, basi acha niliandikie mara moja. Umetafuta kazi kwingine, ukaipata, ukaandika barua ya kuacha, ukaipeleka mwenyewe kwa mkono. Halafu bosi, yule yule ambaye kwa miezi nane amekuwa akikuimbia kwamba bajeti hakuna, anakuita ofisini, anafunga mlango, na kukwambia wanaweza kukuongezea. Sasa unafanya nini?

Mimi naiita ofa ya kubaki. Ukiitafuta mtandaoni utapata jibu moja tu: usikubali kamwe, kwa sababu asilimia kubwa ya wanaokubali huondoka tu baadaye. Nilijaribu kufuata hiyo asilimia nione ilianzia wapi. Kila ukurasa ulinituma kwa ukurasa mwingine, na wa mwisho ulinirudisha kwa wa kwanza. Kwa hivyo mimi sitakupa asilimia. Nitakupa vile nilihesabu yangu, na kwa nini rafiki yangu alihesabu yake akafika mahali tofauti na akawa sawa pia.

Nilikuwa nahariri video kwa kampuni ndogo ya matangazo hapa Nairobi. Sitaitaja, msiniulize. Mshahara ulikuwa 45,000 kabla ya makato. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, kwa hivyo hiyo kazi sikuipata na karatasi yoyote, niliipata na video zangu za TikTok. Ndiyo maana kuondoka kuliniogopesha kuliko vile kungemwogopesha mtu mwenye digrii. Ninalipa nyumba, na karo ya mdogo wangu aliye kidato cha pili inapita kwangu kabla ifike kwa mathe.

Kabla niandike barua, nilifungua simu nikaandika sababu zangu za kutaka kutoka. Hii ndiyo hatua ningekuomba usiiruke, na lazima uifanye kabla bosi ajue chochote. Pesa mpya ina tabia ya kubadilisha kumbukumbu. Ukishaonyeshwa nambari kubwa, ghafla unaanza kukumbuka kwamba bosi si mtu mbaya, ofisi iko karibu na steji, na ile chai ya saa nne ni tamu. Sababu zangu zilikuwa tatu. Ya kwanza pesa, sawa. Ya pili, Jumamosi: tulikuwa tunaenda kurekodi wateja karibu kila wiki, bila malipo ya ziada na bila siku ya kupumzika badala yake. Ya tatu, nilikuwa nimefungiwa kwa kompyuta. Nilitaka kushika kamera na kujifunza taa, na kila nikiomba naambiwa "mwezi ujao."

Kazi mpya, studio huko Kilimani, walinipa 62,000, kamera ikiwa ndani ya kazi, na Jumamosi ukiitwa unalipwa siku. Nilisubiri mpaka mkataba uje ukiwa umesainiwa na wao, ndipo nikapeleka barua ya kuacha. Kama bado umeahidiwa kwa simu tu, hauna kazi mpya, uko na stori.

Sasa bosi. Alisoma barua, akaiweka chini, akasema, "Kijana, huko unakoenda watakuuliza makaratasi. Hapa sisi tunakujua." Halafu akasema atanipa 65,000.

Ngoja nikubali kitu. Ile sentensi ya makaratasi iliniingia. Nilitoka hapo nikiwa karibu kusema ndiyo, na haikuwa kwa sababu ya pesa. Ilikuwa ni uoga. Lakini nikiwa kwa matatu nikaanza kujiuliza, huu uoga unahusu kitu gani hasa? Studio walikuwa wamenipa jaribio, nihariri dakika mbili za video ya harusi, wakaniita, wakasaini. Hakuna aliyeuliza digrii. Bosi alikuwa anajibu swali ambalo wale watu hawakuuliza.

Uoga uliobaki baada ya kuondoa huo ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa kweli: kipindi cha majaribio. Kule kwa zamani nilikuwa nimeshathibitishwa kazini. Kule kupya ningeanza na miezi mitatu ya majaribio. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na katika kipindi hicho mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku saba, wakati mfanyakazi wa kawaida anayelipwa kwa mwezi anapata siku 28. Tofauti ya siku saba na siku 28 ni kodi ya nyumba, msiidharau. Huo ndio uzito halisi ulio upande wa kubaki, na mtu akikwambia hakuna, hajawahi kulipa kodi.

Turudi kwa pesa. 65,000 ni kubwa kuliko 62,000, hesabu imeisha, si ndiyo? Hapana. Mshahara kabla ya makato si pesa ya kula. Kwa makato ya 2025, inatoka NSSF asilimia 6, SHIF asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu PAYE inakula kilichobaki baada ya kuondoa hizo tatu. Nilipiga hesabu usiku. 45,000 yangu ya zamani ilikuwa inafika kama 35,900. 62,000 ya studio ingefika kama 46,550. 65,000 ya bosi ingefika kama 48,450. Kwa hivyo ile elfu tatu aliyonipandia juu ya studio, ikifika mfukoni ni kama 1,900. Na studio wanalipa Jumamosi. Jumamosi moja au mbili kwa mwezi na hiyo tofauti imeisha.

Hapo nikaelewa kwamba ofa yake haikuwa inashindana na studio. Ilikuwa inashindana na uoga wangu.

Siku iliyofuata sikumpa jibu la ndiyo wala hapana. Nilimshukuru, nikamuuliza maswali matatu, nikiwa nimekaa, bila hasira. La kwanza: hii pesa ni mshahara wa msingi ama ni kitu kingine? La pili: inaanza mwezi gani, na je, ni nyongeza ya mwaka ujao imeletwa mapema ama ile bado itakuja? La tatu: Jumamosi na kamera, tunafanyaje? Halafu nikamwomba aniandikie.

Swali la pili watu hulisahau na ndilo linauma baadaye. Kampuni nyingi zina mfuko mmoja wa nyongeza. Ukipewa leo kwa sababu umetishia kuondoka, Januari wenzako wakiongezwa wewe unaambiwa ulishapata yako. Hakuna aliyekudanganya, ni kwamba hukuuliza.

Bosi alisema, "Kwani hatuaminiani?" Nikamwambia tunaaminiana bosi, lakini mathe ataniuliza karatasi. (Mathe hakuuliza karatasi yoyote. Lakini kumtaja mathe hufungua milango Kenya hii.) Na kusema ukweli si mambo ya kuaminiana. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inasema masharti ya mkataba yakibadilika, mwajiri anashauriana na mfanyakazi, anarekebisha mkataba, na kumjulisha kwa maandishi. Nilikuwa naomba kitu cha kawaida kabisa.

Barua ilikuja Ijumaa. Niliisoma mara mbili kwa ngazi. Mshahara wa msingi: 45,000. Chini yake: marupurupu ya mradi, 20,000, "kwa muda ambao mradi wa mteja utaendelea." Mteja mwenyewe alikuwa ametajwa, ni yule ambaye video zake zote nilikuwa nazihariri mimi. Kuhusu nyongeza ya mwaka ujao, kimya. Kuhusu Jumamosi, kimya. Kuhusu kamera, kulikuwa na mstari mmoja kwamba "itaangaliwa."

Ukiiangalia haraka ni 65,000. Makato yanakatwa sawa, kwa simu inaingia ile ile. Lakini elfu ishirini yake haikuwa yangu, ilikuwa ya mradi. Mteja akihama, mshahara wangu unarudi 45,000 bila mtu yeyote kuvunja mkataba, na studio watakuwa wameshaajiri mtu mwingine. Hiyo barua ilinieleza vizuri kuliko bosi mwenyewe vile alikuwa ananiona. Alikuwa na kazi ya mteja ya kumaliza, na alihitaji mtu wa kuimaliza. Simlaumu sana. Ukiwa na biashara na mtu anayejua faili zote ziko wapi anatoka baada ya siku 28, wewe pia ungefanya hesabu. Ni kwamba hesabu yake na yangu hazikuwa moja.

Nilichukua ile orodha yangu ya sababu tatu nikaiweka kando ya barua. Pesa: imeguswa, kwa muda. Jumamosi: haijaguswa. Kamera: haijaguswa. Nikajua.

Sasa kabla useme kumbe jibu ni kukataa, sikiliza ya rafiki yangu wa Kitengela. Anasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa analipwa 38,000, akapata kazi Mombasa Road ya 47,000, akapeleka barua ya kuacha. Mwenye duka akampa 48,000. Tofauti yake na mimi iko mahali pawili. Orodha yake ilikuwa na sababu moja tu, pesa. Alipenda kazi, alipenda watu, anatembea kwa miguu dakika kumi na tano mpaka kazini. Na barua aliyopewa ilisema 48,000 mshahara wa msingi, kuanzia mwezi huo huo, sahihi ya mwenye duka chini. Pia aliuliza kwa nini haikuja mapema, na jibu lilikuwa na mantiki: mwaka huo walikuwa wamefungua tawi la pili, pesa zilikwama huko hadi mwezi uliopita, na yeye mwenyewe alikuwa ameziona hizo hesabu kwa stoo. Alibaki. Imepita miaka miwili na bado yuko hapo, na nyongeza nyingine alipata bila kupeleka barua.

Lakini alifanya kitu kimoja ambacho wengi wanaobaki hawafanyi, na hapa ndipo watu huumia vibaya. Barua yako ya kuacha kazi haifi kwa sababu mmesalimiana na bosi. Ukishaipeana, notisi inahesabika. Kuiondoa kunahitaji mwajiri akubali. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, faili yako kwa ofisi bado inasema unaondoka tarehe fulani, na bosi akibadilisha nia wiki ya tatu, au akija meneja mwingine asiyejua maneno yenu, umeondoka kwa barua yako mwenyewe. Kwa hivyo rafiki yangu aliandika mistari miwili: kwamba anaondoa barua yake ya tarehe fulani kufuatia makubaliano mapya ya tarehe fulani. Akaomba jibu la maandishi kwamba imeondolewa. Alipopata hiyo na barua ya mshahara mkononi, ndipo akapigia wale wa Mombasa Road.

Na hao wa kazi mpya msiwaache kwa mataa. Kama ulikuwa hujasaini kwao, simu ya heshima siku hiyo hiyo inatosha. Kama ulisaini, fungua mkataba uangalie unasema nini kuhusu kujitoa kabla ya kuanza, kwa sababu wengine huandika notisi hata hapo, na wanaweza kukudai. Soma hicho kipengele kabla umwambie bosi wa zamani ndiyo. Nairobi ni ndogo, lakini hiyo si sababu ya kubaki wala kuondoka, ni sababu tu ya kupiga simu mapema.

Kuna dalili nyingine ninazoziangalia mtu akiniletea ofa yake. Imekuja baada ya dakika ngapi? Ikija kabla hata hujamaliza kuongea, pesa ilikuwepo siku zote. Ikija baada ya siku mbili kwa sababu bosi alienda kuomba idhini juu, angalau kuna mtu mwingine anayejua na aliyekubali. Na je, wiki hiyo hiyo unaombwa umfundishe mtu kazi yako, "ili akusaidie"? Unaweza kuwa unasaidiwa. Unaweza pia kuwa unanunuliwa muda mpaka yule mwingine ajue faili ziko wapi. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Ukiona barua yenye pesa za muda na mtu mpya kando yako, mimi ningesoma hizo mbili pamoja.

Kukataa kwenyewe kulichukua dakika tano. Nilikuwa nimeogopa nitaambiwa "basi toka leo." Nikaangalia sheria mapema: ukipeana notisi halafu mwajiri aseme hahitaji uimalize, anakulipa hizo siku zilizobaki, isipokuwa mkubaliane vingine. Kwa hivyo hata hilo lisingenimaliza. Nilimwambia, "Bosi, asante kwa kunifikiria. Nimeisoma vizuri. Nitamaliza notisi yangu na nitaacha faili za mteja zikiwa zimepangwa." Sikumweleza Jumamosi, sikumweleza kamera. Niliyasema hayo mara nyingi nikiwa bado wake. Ukianza kueleza sababu siku ya kukataa, unafungua mnada mwingine, na unaweza kupewa ahadi ya kila kitu ulichotaja.

Alinyamaza kidogo, akaniambia nimpe siku afikirie kama kuna kitu kingine. Nikamwambia ni sawa lakini jibu langu ni hilo. Hakurudi tena.

Kwa upande wa uoga wa majaribio, nilifanya kitu cha kawaida: ule mshahara wa mwisho, pamoja na pesa za siku za likizo ambazo sikuwa nimechukua, niliuweka pembeni kama kodi ya miezi miwili na karo ya muhula. Likizo ni yako kisheria, siku 21 za kazi kwa mwaka, na ukitoka ukiwa na siku ulizofanyia kazi bila kuzichukua, zihesabu mwenyewe kabla hujakubali hesabu yao. Yangu walikuwa wameandika siku sita. Nilikuwa na imeili zinazoonyesha tisa. Walirekebisha bila kelele. Siku ya mwisho niliomba pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako, na kwa mtu kama mimi asiye na digrii ndiyo karatasi ya kwanza ya kazi niliyowahi kumiliki. Inasema jina langu, nilianza lini, nilitoka lini, nilifanya kazi gani. Nimeiweka kwa bahasha moja na cheti cha kuzaliwa.

Studio nilimaliza majaribio Septemba. Ule mradi wa mteja, kwa taarifa yenu, bado unaendelea, kwa hivyo zile elfu ishirini ningekuwa bado nazikula. Mwenye alichukua kiti changu huniandikia WhatsApp akitafuta faili za zamani. Analipwa 45,000, na Jumamosi iliyopita alikuwa kazini.